Kesi ya Kujibu: Nyamaza, Ongea, au Apa?

Kila kesi kubwa ikitrendi, kuna sentensi moja lazima uione mahali: "Kama hana hatia, si aongee tu?" Inasemwa kwa matatu ya kwenda Nairobi, inasemwa kwa kinyozi, inasemwa na watu wazima kabisa. Kwa masikio ni tamu. Kwa korti ni ushauri mbaya, na msee akiufuata bila kufikiria anaweza kujifunga mwenyewe kesi ambayo upande wa mashtaka ulikuwa unaelekea kuipoteza.

Msimamo wangu nausema mapema ndiyo tusizungushane. Mshtakiwa asipande kizimba cha mashahidi kwa sababu ana hasira, au kwa sababu watu wa nyumbani wanataka "asafishe jina". Apande kwa sababu moja tu: kuna swali ambalo ni yeye peke yake anaweza kulijibu, na kesi inasimama juu ya hilo swali. Kama swali hilo halipo, akae kimya. Kama lipo, aape, ajibu, akubali kuhojiwa. Ile njia ya katikati ambayo wengi huikimbilia wakidhani ni salama, mimi naona ndiyo inadanganya watu zaidi.

Wacha tuelewane kwanza kuhusu hizo njia. Kwa kesi ya jinai Kenya, upande wa mashtaka ndio huanza. Wanaleta mashahidi wao wote, kisha wanafunga. Hapo hakimu anajiuliza: haya niliyosikia, yakibaki hivi hivi bila mshtakiwa kusema chochote, korti yenye akili timamu inaweza kumtia hatiani? Kipimo hicho kilitoka kwa kesi ya Ramanlal Bhatt ya 1957, ya Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, na mpaka leo mahakimu wetu hukitumia. Jibu likiwa hapana, mshtakiwa anaachiliwa hapo hapo, chini ya kifungu cha 210 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Jibu likiwa ndiyo, unasikia yale maneno ya kwenye taarifa ya saa moja: "ana kesi ya kujibu".

Kuwa na kesi ya kujibu hakumaanishi umepatikana na hatia. Kunamaanisha mlango wako wa kuongea umefunguliwa. Kifungu cha 211 kinamtaka hakimu akueleze mashtaka tena, kisha akuambie chaguo zako. Unaweza kuapa na kutoa ushahidi ukiwa kizimba cha mashahidi, na ukifanya hivyo kiongozi wa mashtaka ana haki ya kukuhoji. Unaweza kubaki kizimba cha washtakiwa na kutoa maelezo bila kiapo, na hapo hakuna anayekuhoji. Au unaweza kunyamaza, kwa sababu Katiba, Ibara ya 50, inakupa haki ya kukaa kimya na kutotoa ushahidi katika kesi yako mwenyewe. Kwa zote tatu bado unaweza kuita mashahidi wako.

Sasa tuchukue kesi ya kutunga, lakini ya aina ambayo kijana yeyote wa Masaku anaweza kujipata ndani. Mwendesha bodaboda, tumwite Mutua, ana miaka 22. Jumamosi amenunua simu ya mtumba stendi ya Machakos, shilingi 6,000, kesh, bila risiti. Ametia laini yake saa kumi jioni. Asichojua ni kwamba simu hiyo iliibwa Alhamisi usiku kule Katoloni, na watu watatu wenye panga. Mwenyewe aliripoti, polisi wakafuata nambari ya IMEI, na Jumanne wakamkuta Mutua nayo mfukoni. Anashtakiwa kwa wizi wa mabavu chini ya kifungu cha 296(2), na shtaka mbadala la kupatikana na mali ya wizi. Kama hujui, adhabu iliyoandikwa kwa hicho kifungu cha 296(2) ni kifo. Hapa mtu hachezi.

Angalia upande wa mashtaka wana nini. Wana mwenye simu, boksi lake na risiti yake, kwa hivyo simu ni yake na iliibwa. Wana rekodi za kampuni ya simu zinazoonyesha laini ya Mutua iliingia Jumamosi. Wana afisa aliyeikuta mfukoni. Wasichokuwa nacho ni mtu wa kusema alimwona Mutua Katoloni. Kulikuwa na giza, mwathiriwa hakutambua sura ya mtu.

Kwa hivyo kesi nzima imesimama juu ya mguu mmoja: ulikutwa na mali iliyoibwa siku chache tu zilizopita, basi ama wewe ndiye mwizi ama uliipokea ukijua ni ya wizi, isipokuwa ueleze uliipata vipi. Korti zetu zimetumia kanuni hiyo miaka mingi. Lazima ithibitishwe kwamba mali ilikutwa kwako, kwamba ni ya mlalamishi, kwamba iliibwa kwake, na kwamba iliibwa juzi juzi. Hiyo "juzi juzi" inategemea kitu chenyewe. Simu hupita mikono haraka kuliko ng'ombe au gari, kwa hivyo wakili wa Mutua anaweza kubishana kuhusu hizo siku tano. Lakini akishindwa ubishi huo, swali linalobaki ni moja tu: uliitoa wapi?

Hilo swali nani mwingine atalijibu? Hakuna. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 111, inasema jambo ambalo liko kwa ufahamu wako wewe hasa, wewe ndiye wa kulieleza. Haikutaki uthibitishe kwamba huna hatia, hiyo kazi haihami kamwe kutoka kwa upande wa mashtaka. Inakutaka uweke maelezo mezani yanayoweza kuwa kweli, yanayotia shaka. Mutua akinyamaza, hakimu haruhusiwi kusema "amenyamaza, basi ni mwizi". Lakini anabaki na mambo manne yaliyothibitishwa na maelezo sufuri. Kimya hakikumfunga Mutua. Kilichomfunga ni kwamba ushahidi wa upande ule haukupata jibu.

"Sawa," utasema, "si aongee bila kiapo? Anasema alinunua stendi, hakuna wa kumhoji, anarudi kuketi." Hii ndiyo njia ya katikati niliyosema inadanganya. Mwaka wa 1981, katika kesi ya May dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba maelezo yasiyo ya kiapo, ukiwa mkali na maneno, si ushahidi. Korti itayaangalia pamoja na ushahidi wote, yanaweza kuishawishi, lakini hayana ule uzito wa kuthibitisha jambo. Na ukifikiria, ni haki. Mwenye simu aliapa akahojiwa. Afisa aliapa akahojiwa. Wewe umesema lako ukakimbia maswali, halafu unataka vipimwe kwa mizani sawa?

Hii njia ina historia yake. Zamani kwa sheria ya Uingereza mshtakiwa hakuruhusiwa kuapa kabisa katika kesi yake, mpaka 1898, kwa hivyo kuongea bila kiapo ndiyo nafasi pekee aliyokuwa nayo. Waingereza wenyewe waliifuta njia hiyo mwaka wa 1982. Sisi tumebaki nayo. Sisemi ifutwe. Kwa mtu asiye na wakili, anayetetemeka, na ambaye kesi dhidi yake ina mashimo tayari, inasaidia asikike bila kusagwa. Lakini kwa Mutua, ambaye kila kitu kinategemea kuaminiwa kwa jibu moja, ni kama kwenda vita na rungu la karatasi.

Basi Mutua aape. Hapa sasa ndipo "si aongee tu" inaanza kuua watu, kwa sababu kuapa ni nusu saa ya wakili wako na pengine nusu siku ya mwingine.

Jua hili kwanza: kiongozi wa mashtaka hafungwi na yale uliyosema. Anaweza kukuuliza lolote linalohusu kesi, na anaruhusiwa maswali ya kukuongoza, yale ya "si ni kweli kwamba". Hana haja ukiri. Mara nyingi anatafuta vitu vitatu vidogo.

Cha kwanza ni shimo lake kuzibwa na wewe. Mutua anaulizwa kwa upole, "Alhamisi jioni ulikuwa kazini?" Anajibu ndiyo. "Biashara ilikuwa poa?" Ndiyo. "Ulibeba wateja mpaka wapi?" Mutua, kwa sababu ni mkweli na anataka kuonekana mkweli, anasema, "Mutituni, mjini, kuna mmoja nilipeleka Katoloni saa mbili hivi." Bana. Upande wa mashtaka walimaliza kesi yao bila shahidi hata mmoja wa kumweka Katoloni usiku huo. Sasa wanaye, na ni yeye mwenyewe. Hakusema uongo. Alijibu zaidi ya kile kilichomleta kizimbani. Swali lilikuwa la wapi, na angekaa nyumbani kwa kimya swali lenyewe lisingeulizwa. Ndiyo maana nasema kabla hujaapa, piga hesabu si ya yale utakayosema tu, bali ya yale utakayoulizwa.

Cha pili ni maneno mapya. "Unasema ulinunua stendi. Afisa aliyekukamata alikuwa hapa, akaapa. Mbona hukumuuliza kama ulimwambia hivyo siku ile?" Mutua anaangalia chini. Ukisoma hukumu za korti zetu utakutana na maneno haya mara nyingi: utetezi huu ni wazo lililokuja baadaye. Maana yake, hadithi imetungwa baada ya kusikia ushahidi wote. Ndiyo maana utetezi hauanzi siku ya kujitetea. Unaanza siku shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka anasimama. Kama jibu lako ni kwamba ulinunua stendi, lazima afisa aulizwe: "Si alikuambia aliinunua stendi? Ulienda kuangalia? Ulimtafuta muuzaji?" Afisa akisema hakwenda, basi siku Mutua anaapa, maelezo yake tayari yako kwenye rekodi na uchunguzi tayari unaonekana mvivu. Bila hayo, ukweli ule ule unanuka utunzi.

Hata ukisema ulikuwa mahali pengine kabisa, ni vivyo hivyo. Kesi ya Kiarie ya 1984 inasema mtu anayedai alikuwa kwingine habebi mzigo wa kuthibitisha, anatosha kutia shaka. Lakini ukilitoa jambo hilo dakika ya mwisho, upande wa mashtaka wanaweza kuomba chini ya kifungu cha 212 walete ushahidi wa kujibu. Na hakimu anaruhusiwa kujiuliza umekuwa wapi nalo muda huo wote.

Cha tatu ni tabia yako. Kwa kawaida korti hairuhusiwi kuambiwa kwamba ulishawahi kushtakiwa au kufungwa kwa kosa lingine. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Ushahidi kinakulinda. Lakini kinga hiyo unaweza kuivua mwenyewe. Ukisimama na kusema, "Mimi ni mtu wa kanisa, sijawahi kugusa kitu cha mtu," umeleta tabia yako mezani, na sasa wana ruhusa ya kuigeuza upande wa pili. Ukimchafua mlalamishi au shahidi kwa maneno, vivyo hivyo. Ukimtupia lawama mshtakiwa mwenzako ukiwa umeapa, vivyo hivyo. Sentensi moja ya kujisifu inaweza kufungua faili ya miaka mitano iliyopita.

Kuna wale watasema hizi zote ni mbinu za mawakili, mkweli hata akikabwa atatoka salama. Kwao nina kesi moja, na ina mtu wetu ndani. Desemba 1952 serikali ya kikoloni iliwafikisha watu sita mbele ya hakimu Ransley Thacker huko Kapenguria: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Achieng' Oneko, na Paul Ngei, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Kangundo, hapa hapa Ukambani. Shtaka kubwa lilikuwa kuongoza Mau Mau. Wakili wao mkuu, D. N. Pritt, aliomba korti iseme hakuna kesi ya kujibu. Thacker akakataa. Kenyatta akaapa.

Aliyemhoji ni Anthony Somerhough, na hakuhitaji kumkamata na uongo. Kenyatta alikuwa amesimama hadharani Kiambu, Agosti 1952, akaikana Mau Mau mbele ya umati. Lakini fikiria unaulizwa kwa nini hukuikana kwa nguvu zaidi, au mara nyingi zaidi, au kuhusu nyimbo ambazo watu wengine wametunga na kukutaja ndani. Swali kama hilo halina jibu safi. Ukisema ulifanya vya kutosha, unaonekana unajitetea. Ukisema ungeweza kufanya zaidi, umekiri. Upande ule mwingine, shahidi Rawson Macharia aliapa kwamba alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo mwaka wa 1950. Pritt alimhoji pia. Thacker alimwamini Macharia, akawakataa mashahidi wa utetezi waliompinga, na Aprili 8, 1953, wote sita wakahukumiwa, kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Mwaka wa 1958 Macharia huyo huyo aliandika hati ya kiapo akisema ushahidi wake ulikuwa wa uongo.

Sisemi Kenyatta alikosea kuapa. Kiongozi wa watu angenyamaza Kapenguria, kimya chake kingesomwa na nchi nzima. Alikuwa akiongea na zaidi ya hakimu mmoja. Ninachosema ni kwamba maswali ya kizimbani hayapimi moyo. Yanapima jinsi unavyojibu, mbele ya mtu fulani, siku fulani. Muongo mtulivu anaweza kuyapita. Mkweli mwenye hasira anaweza kuanguka.

Kwa hivyo turudi kwa Mutua mara ya mwisho, tumpange vizuri. Afisa ameulizwa mapema kuhusu stendi. Mutua ana mwenzake wa bodaboda aliyekuwepo akinunua, ataitwa shahidi. Ana taarifa ya M-Pesa inayoonyesha alitoa 6,000 Jumamosi hiyo saa tisa na nusu. Anaapa. Anasema lini, wapi, kiasi gani, nani alikuwepo, na kwamba alitia laini yake mwenyewe siku hiyo hiyo, kitu ambacho mwizi anayejificha hangefanya. Suala la Alhamisi na lile la Katoloni wamelizungumza na wakili kabla, si wabadilishe ukweli, bali wajue liko. Kama kweli alipita huko, ni heri aliseme mwenyewe na amtaje abiria wake, kuliko litolewe kama jino. Akiulizwa asichojua, anasema hajui. Akimaliza jibu, ananyamaza hata kama kiongozi wa mashtaka anaendelea kumwangalia. Kile kimya kifupi baada ya jibu ndicho kinawafanya watu waongeze maneno ya kuwafunga.

Lakini badilisha kitu kimoja. Tuseme simu haikukutwa kwa Mutua. Alishikwa kwa sababu tu mwathiriwa anasema "alifanana na mmoja wao", usiku, bila taa, bila gwaride la utambulisho. Hapo hakuna swali ambalo ni Mutua tu anaweza kulijibu. Kesi ina mguu mbovu na ni wa upande ule. Akiapa, anawapa nusu siku ya kutafuta mguu mwingine kwake. Hapo mimi ningemwambia: kaa kimya, mwache wakili aongelee giza.

Na wale wasio na wakili, ambao ni wengi sana kwa korti za mahakimu? Siku hakimu anasoma chaguo zako, usiitikie tu "sawa". Kama Kiswahili cha korti kinakupita, una haki ya mkalimani wa Kikamba bila malipo. Omba uelezewe tena. Omba muda wa kufikiria. Kama shtaka ni zito na huna uwezo, sema kwa sauti unaomba wakili wa serikali, Katiba inaruhusu pale ambapo bila wakili haki kubwa itapotea. Halafu jiulize swali lile moja: kuna kitu hapa ambacho ni mimi tu nakijua, na bila hicho naenda ndani?

Jibu likiwa ndiyo, apa. Likiwa hapana, mdomo wako ni shahidi wa upande wa mashtaka ambaye bado hajaitwa. Usimwite wewe.